Watu Wawili wa Wifi Yangu

Wifi yangu Raesibe ana mdomo mtamu, mimi nina mdomo mchungu, na labda ndiyo maana chama chetu cha akina mama hapa Seshego, Afrika Kusini, kimedumu. Mwaka mzima tunaweka akiba, Desemba tunanunua unga, mafuta na sukari kwa jumla, kila mtu anarudi kwake na mzigo wake. Hela haitoki benki bila sahihi tatu: ya Raesibe, ya mwenyekiti wetu Mama Mmakgabo, na yangu.

Jumapili moja ya Novemba tumekutana kwangu, utumbo wa ng'ombe unatokota jikoni, Raesibe akaingia amechelewa, tena na mgeni. Kijana kapendeza, kiatu kinang'aa hadi unaona meno yako. Kwetu anayechelewa hutozwa faini ya kreti ya soda. Mgeni akailipa papo hapo na chenji hakuitaka. Vigelegele! Ama kweli sisi wanawake tunauzwa kwa bei ya soda.

"Mama zangu," akasema, jina lake Lesiba, "hela yenu imelala. Kwenye kampuni yetu ya Ndege wa Dhahabu inazaa asilimia thelathini kila mwezi, na hasara hakuna. Ila nafasi zinafungwa kesho."

"Mimi nimo, wifi," Raesibe akanionyesha simu. "Tazama jiwe la Ngwako."

Moyo ukanipasuka kidogo. Ngwako ni marehemu kaka yangu, mume wa Raesibe, na hadi leo amelala chini ya udongo mtupu. Hela ya jiwe la kaburi lake tuliichanga ukoo mzima, tukamkabidhi mjane. Sasa kwenye kioo cha simu ilikuwa imeongezeka zaidi ya maradufu.

Raesibe akatoa karatasi ya benki, keshasaini. Mama Mmakgabo naye akasaini, huku akiota friji mpya. Ikabaki sahihi yangu.

"Haya, bwana mdogo," nikasema, "hiyo thelathini inatoka wapi? Mnauza nini?"

"Tunafanya biashara ya fedha za kigeni, mama. Kompyuta inajua."

"Kompyuta inajua, wewe hujui?"

Wakacheka. Lesiba akatoa cheti chenye mhuri. Nikakisoma chote, maana mimi mbishi. "Hiki kinasema kampuni imesajiliwa. Hata saluni ya binti yangu imesajiliwa. Kibali cha kupokea na kuwekeza hela za watu kiko wapi?"

"Kinashughulikiwa."

"Na hela tunaweka akaunti ya nani?"

Akataja. Akaunti ilikuwa ya jina lake mwenyewe! Mama Mmakgabo akavua miwani.

"Wifi, acha kumtesa mgeni," Raesibe akadakia. "Mbona mwezi wangu wa kwanza nilitoa randi mia tano, ikaja?"

"Chambo hicho, wifi. Hapa chamani mtu akijitoa, tunampa chake siku hiyo hiyo. Basi toa hela yote ya jiwe sasa hivi, tuione. Ikiingia, nasaini kwa mikono miwili."

Raesibe akamtazama Lesiba.

"Toa, Raesibe."

Hakugusa simu. Lesiba ndiye aliyejibu: "Kiwango kikubwa cha kutoa hela kinafunguka mwanachama akileta watu wawili, mama. Ni utaratibu."

"Na asipoleta?"

"Lazima alete."

"Ahaa! Kwa hiyo hela ya hao wawili ndiyo inayomlipa huyu. Na wao watalipwa na nani? Watu wakiisha Seshego, mtawaandikisha mbuzi?"

Lesiba akakumbuka ana kikao mjini. Hata utumbo hakungoja.

Raesibe akakaa sakafuni, akalia. "Nimejaribu kuitoa tangu Agosti. Nikaambiwa niwalete wawili. Wewe na Mama Mmakgabo ndio mlikuwa wawili wangu."

Jamani, nilitamani kumzaba kofi! Desemba ya akina mama wote hawa, ili jiwe la mtu mmoja litoke! Halafu nikakumbuka ni jiwe la kaka yangu, na miezi yote hiyo Raesibe amelibeba peke yake, huku akitutolea tabasamu.

Nikaichana ile karatasi. "Kesho tunakwenda wote polisi, na simu yako na risiti za benki. Huenda hela isirudi. Na atakayekupigia akisema atairudisha ukimlipa kwanza, mkatie simu." Nikamwinua. "Ila chama kina sheria zake. Unadaiwa kreti ya soda."

"Kwa kosa gani, wifi?"

"Kuchelewa. Umechelewa kutuambia."

Akacheka na machozi yake. Kreti nikailipa mimi.