Ndoo Mbili za Mchanga

Husnah alikuwa na majuma saba tu kazini, na tayari hesabu yake ilikuwa imemfanya mtu aitwe mwizi.

Neno lenyewe halikutoka kinywani mwake. Yeye alitoa namba tu, kwa furaha ya mtu aliyemaliza chuo cha uhandisi juzi na bado anaamini kila kitu duniani kinapimika. Kila tipa la mchanga lilipoingia kwenye saiti yao ya ujenzi mtaani Ntinda, alipanda ghorofa ya kwanza ambayo bado haikuwa na kuta, akalipiga picha kutoka juu bodi lake, lile sanduku la nyuma, kisha akakaa juu ya mfuko wa saruji na kalamu yake. Ogutu, fundi mkuu aliyejenga nusu ya mtaa ule kwa kukadiria kwa jicho, alimwita mpiga picha wa harusi.

Tipa la asubuhi ile lilikuwa la Khaemba, dereva wa Bungoma aliyekuwa akimsalimia kila mlinzi kwa jina. Vipimo vya ndani vya bodi lake Husnah alikuwa navyo daftarini, kwa kuwa alilipima mwenyewe kwa utepe: urefu mita 4.6, upana mita 2.3, kuta mita 1.2. Kazi ya picha ilikuwa kumwonyesha mchanga ulifika wapi. Ukingo wa juu wa bodi una mkanda wa chuma wa sentimita ishirini, na mkanda huo ndio uliokuwa rula yake. Alichagua sehemu tisa, tatu mbele, tatu katikati, tatu nyuma, na katika kila sehemu akakadiria mchanga uko chini ya ukingo kwa kiasi gani, akilinganisha na kipande cha mkanda kilicho karibu zaidi, maana ulio mbali na kamera huonekana mwembamba. Pembeni mchanga ulikuwa umezama, katikati umeinuka kama mgongo wa ng'ombe. Wastani ukawa sentimita kumi na sita chini ya ukingo. Kwa hiyo kimo kilikuwa mita 1.04, na mchanga mita za ujazo kumi na moja.

Uzito nao haukumshinda. Alijaza ndoo ya lita ishirini kutoka bodini, akaisawazisha kwa ubao, akaipima. Mchanga wenyewe ulikuwa kilo thelathini, yaani tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo. Kumi na moja mara moja na nusu: tani kumi na sita na nusu.

Risiti ya mizani ya kule machimboni, ukiondoa uzito wa lori tupu, ilisema tani 18.2.

Ogutu alizitazama namba hizo mbili, akavua kofia ngumu. Kisha akafungua simu, kwenye kile kidude kinachoonyesha lori liko wapi, akamwonyesha Husnah kwamba tipa lilisimama dakika arobaini kwenye mteremko kabla ya kuingia mjini.

Khaemba alipoulizwa hakubabaika. Alisema alisimama kuchuja maji.

"Kuchuja," alisema Ogutu. "Unachuja lori kama chai?"

"Ndiyo, mzee. Nainua bodi kidogo, yanatoka nyuma."

"Na tani moja na nusu na zaidi ikatoka nayo. Chai hiyo ilikuwa na majani mengi."

Mafundi walicheka, na hata Khaemba alitabasamu kidogo kabla ya kugundua kwamba yeye ndiye anayechekwa. Ogutu akasema saa kumi atampigia mwenye lori atafute dereva mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameibiwa mchanga mara nyingi mno katika maisha yake, na safari hii alikuwa na namba mkononi.

Namba za Husnah. Alirudi juu ghorofani lakini mfuko wa saruji haukukalika tena. Upande wa pili wa barabara, Safinah mshonaji alikuwa amefungua mlango wa duka lake wazi kabisa, na zulia jekundu limetandikwa mpaka kizingitini. Husnah alilitazama zulia lile, na taratibu masikio yakaanza kumwaka.

Wiki mbili zilizopita zulia hilo lilikuwa limelowa chapachapa. Tipa la Khaemba lilimwaga mchanga unaotiririka maji, maji yakavuka barabara na kuingia dukani, na Safinah akaja getini ameshika gauni la bibi harusi lenye pindo la tope. Aliyemwomba radhi alikuwa Husnah. Na jioni ile ile Husnah huyo huyo alimfuata Khaemba akamsihi: tafadhali, kaka, tafuta namna, usituletee tena ziwa zima.

Kaka alikuwa ametafuta namna.

Ilikuwa saa nane na robo. Kumwonea huruma dereva hakungemgeuza Ogutu, hilo alilijua. Akampigia Latifah, karani wa mizani machimboni, ambaye hupiga picha kila lori likiwa juu ya mizani ili madereva wasibishane naye. Akamwomba mambo mawili: picha ya asubuhi, na ndoo moja ya lita ishirini ya mchanga uliotolewa sasa hivi majini, isawazishwe na kupimwa. Latifah akauliza kama mjini mchanga umewaishia mpaka wanaununua kwa ndoo, lakini akaenda.

Picha ilifika kwanza. Husnah akahesabu sehemu zile zile tisa, akashuka ngazi akikimbia na kumwekea Ogutu picha mbili kando kando. Kwenye zote mbili mchanga uligusa bolti ile ile ya ukuta wa kushoto, mgongo wa katikati ukiwa umeshuka labda upana wa kidole kwa mtikiso wa njia.

"Mzee, tani moja na nusu na zaidi ni zaidi ya mita moja ya ujazo. Angeipakua, mchanga ungeshuka sentimita kumi bodi zima. Angalia hapa. Haukushuka."

"Basi uzito umekwenda wapi?"

Simu ikalia mkononi mwa Husnah. Latifah: kilo thelathini na tatu, bila ndoo, na viatu vyangu vimelowa, utanilipia.

Husnah akaandika kwenye ubao wa mbao kwa kalamu ya fundi seremala. Kilo thelathini na tatu kwa lita ishirini ni tani 1.65 kwa mita ya ujazo. Mara kumi na moja, tani 18.15, na mizani ilisema 18.2. "Nimeulinganisha mchanga wangu mkavu na mchanga wao mbichi," alisema. "Akichuja pale mteremkoni chembe hazipungui, ila maji yanatoka katikati yake. Kosa ni langu. Na maji hayo, mimi ndiye niliyemwomba ayatoe."

Ogutu akazisoma namba mara mbili, midomo ikitembea. Akauliza ni maji kiasi gani, kwa pipa.

"Mapipa manane."

Akatazama ng'ambo, kwenye zulia la Safinah, kama anayahesabu yakipita juu yake. Kisha akaenda kwenye tipa, ambako Khaemba alikuwa ameketi amekunja nguo yake ya kubadilisha magotini, tayari kuondoka.

"Kesho leta mapema," Ogutu alimwambia. "Na uchuje vizuri. Dada yako hapa atapima kwa mita, si kwa tani, na ndoo itakaa getini."

Khaemba aliifungua nguo ile akaitundika tena nyuma ya kiti. Husnah alikuja kumwomba msamaha na maneno yake yote ameyapanga, lakini alipofika dirishani yalikuwa yametawanyika. Akasema samahani tu.

"Injinia," alisema Khaemba akiwasha lori, "mara nyingine ukiniomba kitu, mwambie na mzee."