Kimya cha Somo la Tikiti

Ofisi ya elimu ilidhani video ile ni ya shule zote. Mwalimu wa hesabu alimtengenezea binti yake.

Binti alikuwa darasa la nne, na hakuwa mjinga, asikudanganye mtu. Alikuwa mzito wa kuanza tu. Ukimharakisha anaganda, penseli mkononi, machozi karibu, na wenzake wenye midomo myepesi walimuwahi kila siku. Ndiyo maana mwalimu, mama yake, akapanga somo lenye vituo: anauliza, ananyamaza, watoto wanafanya, ndipo anatoa jibu.

Mpiga picha wa ofisi alirekodi darasani watoto walipokwisha kutoka. Mwalimu alikata chungwa vipande vinne vinavyolingana. Akainua kimoja: robo. Akaongeza viwili: robo tatu.

"Vipande visipolingana, hiyo si robo, ni ulafi," alisema, na mpiga picha akacheka mpaka kamera ikatikisika.

Kisha akagawa duara la tikiti vipande vinane sawa. "Nimekula vitatu. Imebaki sehemu gani ya tikiti? Andika, nakusubiri." Akanyamaza, akiitazama kamera kwa upole kama anamtazama mwanawe.

"Hicho kimya msikiguse, mdogo wangu," alimwambia mpiga picha.

"Wala usiwe na wasiwasi, mwalimu."

Mpiga picha alisahau kumwambia mhariri. Naye mhariri, bwana mwenye haraka zake, alikuwa na programu inayokata kila penye ukimya, na aliiachia ifanye kazi huku yeye akinywa chai. Video ikatoka fupi, safi, tayari kusambazwa.

Siku ya kuizindua, afisa elimu alikuja shuleni. Mwalimu mkuu alishika rimoti kama kashika ufunguo wa benki. Mwalimu alisimama nyuma ya darasa, moyo ukimdunda kwa furaha.

"Imebaki sehemu gani ya tikiti? Andika, nakusubiri. Vizuri sana! Ni tano ya nane," ilisema sauti yake kwenye televisheni.

Hakuna hata pumzi katikati. Binti alikuwa ndiyo kwanza ameshusha penseli kwenye daftari. Swali la pili likaja, na jibu lake mgongoni. Mwalimu angeweza kupita kati ya madawati na kuomba rimoti. Lakini afisa alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika, na mwalimu mkuu anatabasamu, basi akabaki pale pale. Alijichukia.

Kufikia swali la tatu binti hakujaribu tena. Alitega sikio, akanakili jibu lilipotamkwa. La nne vilevile.

Mwishoni afisa alizunguka akichungulia madaftari, akasimama kwenye dawati lake.

"Huyu kapata karibu zote! Mpigieni makofi."

Darasa likapiga. Binti akageuka kumtafuta mama yake, uso mkavu, hana raha hata chembe. Mwalimu mkuu naye akageuka, akisubiri.

Mwalimu akapiga makofi.