Hata Saluni Imesajiliwa

Simu ya mjukuu wangu ilinguruma juu ya kabati kabla hakujapambazuka, vikombe vikagongana. Ni mwalimu wake wa zamani wa tuisheni: ada ya chuo cha uuguzi ilipwe kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

"Kwanza twende tume ya vyuo vikuu," nikasema.

"Bibi, unanichelewesha makusudi." Akaninunia njia nzima. Ada hiyo ni shamba la marehemu babu yake, tulilouza.

Kule tume, afisa alinisogezea kiti, akageuza kompyuta yake ili nami nione. Akaisoma barua ya udahili tuliyotumiwa na mwalimu.

"Uliomba lini chuo hiki?"

"Sikuomba. Mwalimu alisema wamenichagua."

"Bila kuona matokeo yako? Na ada mnatuma namba ya nani?"

"Ya mwalimu," nikajibu mimi. Damu ilianza kunichemka. Yule kijana alikuwa akila kwangu.

Simu ikalia tena, mwalimu yuleyule. Mjukuu akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo bibi. Bado tu?"

"Hatujalipa. Tuko tume."

Akacheka. "Bibi yangu mtu wa wasiwasi. Chuo kimesajiliwa, cheti si niliwatumia?"

Mjukuu akakifungua cheti kwenye simu. Afisa akakiangalia, akatabasamu bila furaha.

"Kweli kimesajiliwa. Kama kampuni. Hata saluni ya hapo chini ina cheti kama hiki, lakini haifundishi uuguzi. Chuo kinatakiwa kiwe na ithibati, yaani kibali cha kufundisha, nayo tunatoa sisi. Na programu yenyewe iwe imeidhinishwa." Akatafuta jina kwenye orodha ya tume, herufi kwa herufi. Halikuwepo. "Mwanangu, ungesoma miaka yote ukamaliza, baraza la wauguzi lisingekupa leseni."

Mjukuu akaichukua simu. Sauti haikumtetemeka.

"Mwalimu, ulijua?"

"Sikiliza mdogo wangu, ithibati iko njiani."

"Na shamba la babu liko njiani pia? Umekula kwetu mpaka sahani ukazijua kwa rangi."

Nikamnyang'anya simu.

"Mimi nilikuwa nakuwekea ukoko kwa sababu unaupenda," nikamwambia. "Usinipe shikamoo tena."

Akakata. Nilikaa nikihema, nikitamani awe mbele yangu nimtwange kiatu. Afisa alitupa maji, akasubiri nitulie, ndipo akatuandikia kituo cha polisi cha kwenda kumshtaki.

"Wenzangu wa tuisheni wamepata barua hiihii," mjukuu akasema. "Wengine wanalipa leo."

"Wapigie sasa hivi," afisa akasema, "tumia simu ya mezani hapa."

Alipiga mmoja baada ya mwingine, akifoka na kulia. Mmoja alikuwa ameshatuma ada.

Afisa akafumba macho kidogo.

"Kesho mje tena tuandike malalamiko rasmi," akasema. "Na huyo mje naye. Mwambie asione aibu."