Kadi ya Mtu Anayeinama

Mhadhiri wetu wa magonjwa ya moyo hana dogo. Alipomaliza somo la maumivu ya kifua alifunga kompyuta yake, akasema hataki kumwona mtu akikariri orodha.

"Ugonjwa una sura, kama mtu alivyo na sura," alisema. "Kila mmoja uutengenezee kadi yake. Unampata nani, umemchukua muda gani, unakujaje, na ndani ya mwili kumetokea nini. Yale ambayo magonjwa mawili yanashirikiana andika kwa penseli. Linaloutenga ugonjwa na wenzake andika kwa wino mwekundu. Ukiona kadi yako imejaa nyekundu, ujue hujauelewa, umenakili tu."

Ndiyo maana Jumapili ile mchana nilikuwa maktaba na rafiki yangu Kipaza, tumetandaza kadi nane mezani. Kipaza tumempa jina hilo kwa sababu hajui kunong'ona. Mtunza maktaba alikuwa ameshatutazama mara tatu. Tuligawana. Yeye alichukua yanayoua kwa haraka, yaani mshtuko wa moyo, mshipa mkuu uliochanika na damu iliyoganda mapafuni, kisha akaongeza uvimbe wa utando unaozunguka moyo. Mimi nikachukua manne yaliyobaki, na nikaanza na kiungulia kwa sababu nilijiona nakijua. Nilikuwa na mgonjwa wangu mwenyewe, mama.

Niseme ukweli, nilikuwa na haraka pia. Kila Jumapili saa tisa mama hupiga simu ya video, na mimi wiki nzima naishi kwa ajili ya saa tisa hiyo. Nyumbani ni mwendo wa siku mbili na sijafika kwa miezi kumi na minne. Nimekosa vitu ambavyo mtu mzima anaona aibu kuvitaja. Nimekosa kuitwa kutoka jikoni na kujifanya sikusikia. Nimekosa kugombezwa kwa sababu ya ndoo. Nimemkosa mama mpaka kuna siku nalifukuza wazo lake kama mtu anavyofukuza nzi, ili nisome.

Jumapili iliyopita alikuwa karibu na simu kuliko kawaida. Viwiko mezani, ameinama, uso wake umejaa kioo chote. Niliona hata mvi mpya kwenye njia ya nywele. Nikajua amenikumbuka kama ninavyomkumbuka, na kusema kweli nilifurahi. Nilikaa na ule uso wiki nzima.

Katika mazungumzo hayo alikuwa ametaja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba tangu apone mafua makali kifua kinamchoma akilala. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye kiherehere cha profesa, sikumuuliza swali hata moja. Nilimwambia ni kiungulia. Ale mapema, aongeze mto, anywe dawa ya asidi. Mama akatangaza mtaa mzima kwamba ametibiwa na mwanawe.

Basi kadi yangu ikatiririka. Nikaandika kwa penseli kwamba maumivu huchoma kifuani na huzidi mtu akilala. Kwa wino mwekundu nikaandika kwamba huja baada ya kula, na huzidi mtu akiinama, kwa sababu asidi hupanda kooni.

"Soma yako," nikamwambia Kipaza, "tulinganishe penseli."

Akasoma, na nusu ya maktaba ikasomewa pamoja nami. "Uvimbe wa utando wa moyo. Mara nyingi mtu ametoka kuugua mafua siku chache nyuma. Unachukua siku mpaka wiki kadhaa. Maumivu makali ya kifua, huzidi akilala chali. Hiyo penseli, umeiandika na wewe. Huzidi akivuta pumzi ndani, penseli pia, ile damu iliyoganda mapafuni nayo hufanya hivyo. Sasa nyekundu. Hupungua akikaa na kuinama mbele."

Nikamwambia arudie mstari wa mwisho. Akarudia.

Niliangalia kadi yangu, nikaangalia yake. Kulala kulikuwa kote kuwili. Kuinama kulikuwa kote kuwili pia, ila kwangu kulizidisha na kwake kulipunguza. Nikaona viwiko vya mama juu ya meza.

"Mama yangu anainama," nikasema. "Nilidhani anasogea kuniona."

Kipaza alinielewa nusu tu, lakini kwa mara ya kwanza tangu nimjue alishusha sauti. "Mpigie. Ila usimsomee kadi. Ukimsomea atakubali kila kitu ili kukufurahisha. Muulize kama tulivyofundishwa."

Tukatoka nje ya maktaba, nikampigia kwa video. Mama alipokea haraka, na uso ukajaa kioo. Nilimwamkia, akaitika, akaanza habari za paa la jirani. Nikamkata, jambo ambalo huwa silifanyi.

"Mama, kile kifua kikoje?"

"Kipo. Ile dawa yako tamu."

"Ukilala inakuwaje?"

"Silali, nakaa kitini mpaka usingizi unichukue."

"Na ukikaa hivyo ulivyokaa sasa?"

Akafikiri. "Hivi ndiyo nafuu. Nikiegemea nyuma tu, kinachoma mpaka begani."

"Ukivuta pumzi ndani?"

Akavuta, akakunja uso, na sikuhitaji jibu. Nilimwambia nilikosea, na kwamba inawezekana nakosea tena, lakini aende hospitali leo hii na mama mdogo, asingoje kesho. Alikataa kwanza. Alisema atanitia wasiwasi bure na mtihani uko mlangoni. Nikamwambia maji yakijaa ndani ya ule utando hubana moyo, na mtihani huwa unarudiwa. Akamwita mdogo wake amletee viatu.

Yale masaa siwezi kuyasimulia vizuri. Nilikaa ngazini na Kipaza, nikawaza siku mbili za njia na meza ile aliyowekea viwiko mama. Jioni mama mdogo alipiga. Daktari alisikia mkwaruzo kifuani, kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha utando umevimba, na ultrasound ikaona maji kidogo, hayajabana chochote. Walimpa dawa za kutuliza uvimbe, wakachukua vipimo vingine kuhakikisha si kifua kikuu, wakamwambia arudi baada ya wiki. Daktari alisema dawa ya asidi aiache. Nililia mbele za watu, na wala sikujali.

Jumapili ya nne baada ya hapo mama alipiga saa tisa kamili. Vipimo vilikuwa safi na alikuwa analala chali. Alikuwa ameegemea kiti. Niliona kanga mabegani, ukuta na kalenda, na uso wake ukawa mdogo katikati ya vitu hivyo vyote, mbali. Ndicho nilichokiomba wiki nne. Lakini nilikaa nikimtazama pale nyuma kwenye kiti chake nikaukumbuka uso ule wa karibu niliokaa nao wiki nzima, kumbe yalikuwa maumivu.

Tukaongea mambo ya nyumbani. Halafu, katikati ya sentensi, mama akaweka viwiko mezani na kuinama mpaka kioo kikajaa.

"Mama, kinauma?"

"Hakiumi."

"Mbona umeinama?"

"Nakuangalia," akasema. "Umekonda."

Na mimi nikaweka viwiko mezani, nikasogea.