Daftari la Viporo

Bwana Chenge alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko mke wake: ujumbe ambao haujakamilika si ujumbe. Ukiingia nusu, karatasi ichanwe, itupwe kapuni, tusonge mbele. Aliiandika kwa mkono wake na kuibandika ukutani juu ya redio koli, hapo ofisini kwetu Mkuyuni, Mwanza, mwaka ule wa tisini na nne kampuni ilipofunguliwa.

Mimi sikuchana hata karatasi moja. Nilikwenda sokoni, nikanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula. Tarehe. Kituo. Kilichofika. Kilichokosekana. Kilichoukata. Nani alipokea. Kila ujumbe uliofika nusu niliuingiza humo, nikaliita daftari la viporo, kwa maana chakula kilichobaki hakitupwi kabla hujakifunua ukajua kimebaki kwa nini. Chenge aliponiuliza ninaandika nini, nilimwambia ni mambo ya kikundi cha kanisani. Mungu atanisamehe.

Kazi yetu ilikuwa kuuza na kutengeneza injini za dizeli. Tangu serikali iachie biashara, kila mwenye pamba au ng'ombe wa kuuza alitaka mashine yake ya kusaga, nasi tulikuwa na mawakala kumi na wawili, kuanzia vijiji vya nyuma ya Magu mpaka visiwani. Kibali cha redio kilitupa saa moja tu kila asubuhi, saa tatu mpaka saa nne, kisha masafa yalikuwa ya watu wengine. Dakika tano kila kituo. Chenge alileta saa ya mezani yenye kengele, na kengele ikilia unakata, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Binti Winnie, aliyekuja kutoka Dar, alipokea Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mimi nilipokea siku zilizobaki.

Ugomvi uliletwa na mashine ya Ukara. Yeremia, wakala wetu wa kule, alieleza kwamba injini ya mteja inatoa moshi mweusi na haivuti, pampu ya kusukumia dizeli imekufa. Kabla hajataja namba ya injini, kengele ikalia. Nikamwambia Chenge tusubiri kesho tumuulize. Akasema injini za visiwani zote ni za aina moja, akampakia fundi Abeid na pampu kwenye meli. Abeid alirudi baada ya siku nne, pampu mkononi, midomo imepasuka kwa jua. Injini ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Wanawake wa kijiji kile walikuwa wakivuka maji mpaka Nansio kusaga unga.

Alhamisi asubuhi, baada ya saa ya redio kwisha, Chenge akaja mezani kwangu na karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Piga hii kwa mashine. Iondoke na meli ya kesho."

Nikaisoma. Yeremia alikuwa anavuliwa uwakala kwa uzembe wa kutuma taarifa nusunusu. Kijana aliyejenga banda la vipuri kwa miti aliyoikata mwenyewe, mwenye mke, watoto watatu na mama mzee ndani, alikuwa anafutwa kwa mistari minne, na vidole vya kumfuta viwe vyangu.

"Sipigi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nasema sipigi. Kesho saa nne, redio ikifungwa, nitakuonyesha jambo. Ukishaliona, kama bado unaitaka, nitaipiga."

Alinitazama kama mtu aliyedonolewa na kuku wake mwenyewe. Umri wangu ulimzuia kunitukana. Akasema, "Kesho saa nne. Isipopigwa, mama, zitakuwa barua mbili, yake na yako."

Mchana ule sikwenda kula. Nilimwita Abeid, maana ndiye mtu pekee pale aliyekuwa na hasira kama yangu, nikafungua daftari. Wiki nane. Yeye alisoma, mimi nilipiga vijistari kwenye karatasi.

Viporo vilikuwa sabini na vinne. Vya Yeremia kumi na vitano, vingi kuliko vya kituo chochote.

"Basi Chenge ana haki," Abeid akasema.

"Ngoja. Alituma ujumbe mara ngapi kwa jumla?"

Tukarudi kwenye kitabu kikuu. Yeremia alituma mara sitini, asubuhi nyingine mbili kwa mpigo. Wa Kome alituma kumi na sita tu, na sita zikakatika. Kwa hiyo mzembe wetu alikuwa na afadhali kuliko mwenzake wa Kome, ila tu alikuwa mchapakazi, na mwenye kuosha vyombo vingi ndiye mwenye kuvunja. Nilicheka peke yangu. Nilishamwona Chenge akimeza barua yake.

Tukaenda kwenye safu ya kilichoukata. Mikwaruzo ya hewani, tisa. Betri ya kituo kufa, saba. Kengele, hamsini na nane.

"Saa yake hiyo!" nikasema. "Saa yake ndiyo inayotukata!"

Abeid aliinamia daftari. Kidole chake kilikuwa kwenye safu ya mwisho, ile ya aliyepokea. Niliiweka kwa ajili ya utaratibu tu, sikuwahi kuitazama.

"Mama Ng'washi," akasema polepole, "kengele hiyohiyo, siku tatu zake, siku tatu zako. Winnie amekatwa mara saba."

Saba kutoka hamsini na nane. Hata asiyesoma angejua zilizobaki ni za nani.

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Winnie anaitwa, "Mambo?" anajibu, "Poa, sema," na mtu anasema. Mimi nina miaka hamsini na miwili. Wa Magu ananiamkia "mwangaluka", naitikia, nauliza mvua. Wa visiwani wananipa shikamoo, nauliza nyumbani, nauliza watoto, wanauliza goti langu, na kila jibu lina "ova" yake na kusubiri kwake. Kisha mtu anaanza kisa cha mashine tangu ilipoanza kukohoa, na namba ya injini, ile tunayoihitaji kuliko vyote, inakuja mwisho kama mkia. Nilizipenda salamu zile. Ndizo zilizonifanya niamke asubuhi tangu marehemu mume wangu aniache. Na ndizo zilizompeleka Abeid Ukara na pampu ya bure.

"Safu hii inaweza kukunjwa ndani," Abeid akasema. "Mwonyeshe hesabu ya Yeremia na ya kengele. Zinatosha."

Zilikuwa zinatosha kweli. Nilikaa na safu ile muda mrefu, na nakiri kwamba mkono uliniwasha kuikunja. Lakini kengele peke yake ingeleta nini? Chenge angesema saa moja ni saa moja, vituo ni kumi na viwili, na viporo vingeendelea palepale mpaka apatikane Yeremia mwingine wa kufukuzwa. Nimechukia watu wanaoficha maisha yangu yote. Singeanza kuwa mmoja wao kwa ajili ya kiti.

Ijumaa saa nne, Winnie alipofunga redio, niliingia kwa Chenge na daftari, na karatasi nyeupe isiyopigwa neno.

"Shikamoo. Barua iko wapi?"

"Marahaba. Soma hapa kwanza."

Akasoma. Nilimsomea mengine mwenyewe kwa sauti, Winnie na Abeid wakiwa mlangoni, mpaka safu ya mwisho. Nikasema, "Hamsini na moja ni zangu. Kama kuna jina la kuandika kwenye barua, andika Ng'washi. La Yeremia hulipati."

Chenge alilivuta daftari. Alirudia kuhesabu kwa kalamu, na nampa haki yake, alihesabu kwa uaminifu. Kisha akapata njia ya kuonyesha yeye ni bosi.

"Basi ni rahisi. Kuanzia Jumatatu, salamu marufuku redioni. Nitabandika."

"Bandika," nikasema. "Nami nitabandua."

"Mama!"

"Ulikuja jana kunipa barua ya kumuua mtu, ukaanza na shikamoo. Leo unataka kunifukuza, umeanza na shikamoo. Wewe mwenye hasira huwezi kuiacha, unataka mtu wa Ukara aiache? Hataiacha. Atazungumza haraka tu, na utapata namba zenye makosa badala ya nusu."

Winnie alicheka, akaziba mdomo. Chenge mwenyewe alitazama chini.

"Unataka nini sasa?"

Nilitaka hivi: dakika tatu za mwanzo, salamu ya wote kwa pamoja, mkubwa na mdogo, imekwisha. Kisha kila kituo dakika nne. Kinachotangulia ni namba ya injini, halafu mahali, halafu tatizo, na sisi tunamrudishia alichosema athibitishe. Dakika tisa zinazobaki ni za viporo: aliyekatwa kwa sababu yoyote anaitwa tena asubuhi ileile. Na daftari lisifichwe tena, likae chini ya redio, tuone kama linapungua.

"Mwezi mmoja," Chenge akasema. "Lisipopungua, naipiga barua mwenyewe. Zote mbili."

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu, watu wakinipa shikamoo mbilimbili kwa mazoea. Zamani tulikuwa na viporo tisa kwa wiki, wiki ile vikawa sita. Ya pili vitatu. Ya tatu kimoja, na hicho kilikuwa cha betri ya Kome, tukampelekea betri.

Lakini kuna jambo moja sikulisema kwa Chenge, kwa sababu sikulijua maana yake. Kati ya viporo kumi na vitano vya Yeremia, saba viliishia kwa maneno yaleyale: "Na jambo lingine, mama..." Kisha kengele. Nilidhani ni malalamiko ya kamisheni.

Jumanne ya wiki ya nne alitoa namba, mahali na tatizo, nikamrudishia, akathibitisha. Dakika mbili hazikwisha. Mwisho wa mzunguko nikauliza nani ana kiporo.

"Ukara nina kiporo, mama. Ova."

"Sema, mwanangu. Ova."

"Si cha mashine. Ova."

"Sema tu. Ova."

"Ni mama yangu. Tumbo limevimba tangu Machi. Wamesema aje hospitali huko Mwanza na sina mtu mjini. Nilitaka kuomba alale kwako. Ova."

Tangu Machi. Tangu Machi nilikuwa namuuliza kila siku yangu habari za nyumbani, naye anajibu nzuri, kama tunavyojibu sote, kwa sababu kwetu nzuri ndiyo inayofungua mlango, na "ila" ndiyo inayobeba habari. Nilikuwa nikipokea nzuri yake, naendelea na mvua na goti langu, na ile "ila" naikata mimi.

Kengele ikalia. Chenge alikuwa amesimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza hakuniamuru nikate. Niliichukua saa yake, nikaifunika kwa kanga, nikaikalia.

"Yeremia," nikasema, "mlete na meli ya kesho. Nitakuwa gatini. Sasa nirudishie, nihakikishe umesikia. Ova."