Picha ya Mlango Uliobonyea

Fundi bodi wa magari alitumiwa picha moja na mke wa kaka yake: mlango wa dereva uliobonyea, na swali, "Itagharimu kiasi gani?"

Fundi akasonya. Watu bwana! Kukisia bei kwa picha ya karibu hivyo ni kununua mbuzi kwenye gunia. Akajibu, "Shemeji, mlango si kitu. Kinachokula hela ni nguzo ya bodi ikiwa imepinda nyuma yake, na hapo haionekani. Rudi nyuma, piga picha gari zima kila pembe, mianya ya milango, kisha ndani."

Picha zikaingia moja moja. Mwanya wa mlango wa nyuma ulikuwa umezibika. Paa lilikuwa na mkunjo, kwa hiyo nguzo ya katikati ilikuwa imeingia ndani. Picha ya mwisho ilionyesha kiti cha dereva kimebanwa, mkanda umekatwa kwa kisu, na kiatu kimoja cha kaka kimebaki sakafuni.

Fundi akaketi juu ya tairi. "Shemeji, kaka yuko wapi?"

"Nitajie bei tu, shemeji. Mengine, hata alipo, sijui nimuulize nani."

Fundi akaandika, "Mlango ni wa kubadilisha," nguzo asiitaje, akatuma.