Salamu kwa Mkuu wa Bohari

Burundi ilipofunguliwa tena kwa biashara, mwaka wa tisini na tisa, Mzee Tarlochan alimwita Sumeya ofisini na kumwambia maneno machache tu. "Hii zabuni ya mablanketi ya hospitali, Sumeya, tukipata, zamu ya usiku inaendelea. Tukikosa, mimi nafunga. Sina maneno mingine."

Mzee hakuwa mtu wa vitisho. Kiwanda chake hapo Thika kilikuwa kimeanza kukonda, mashine mbili zimefunikwa turubai, na wanawake wa zamu ya usiku walikuwa wakihesabu siku zao kwa vidole kabla ya kuhesabiwa. Mmoja wao alikuwa Ndinda wa Mwihoko, ambaye kila asubuhi akitoka kazini alimpisha Sumeya langoni na kumwachia nduma ya moto iliyofungwa kwa gazeti. "Kula, afisa wetu wa biashara. Hiyo Kifaransa haiongewi na tumbo tupu."

Sumeya alikuwa ndiye pekee pale kiwandani aliyejua Kifaransa. Alikisoma Nairobi, jioni baada ya kazi, na mwalimu wake alikuwa mkali katika jambo moja: barua kwa mkubwa haianzi na jina la mtu. Waingereza huandika "Mpendwa Bwana Fulani" na hakuna anayekasirika. Mfaransa anataka cheo, na cheo peke yake. Ukilitia jina pale juu, ni kama umemshika mkubwa begani. Na cheo kile kile ukirudie mwishoni, neno kwa neno, katika ile sentensi ndefu ya kuagia.

Kwa hiyo alipomwandikia mkuu wa bohari ya serikali kule Bujumbura kwa mara ya kwanza, alichukua barua ya tangazo la zabuni akatazama mkuu huyo ametia sahihi vipi. Alikuwa mwanamke, lakini chini ya sahihi kulipigwa chapa "Le Directeur Général," Mkurugenzi Mkuu, kwa umbo la kiume. Basi Sumeya akafuata alivyojiita mwenyewe: Madame le Directeur Général. Kompyuta ya kiwanda ilikuwa moja, na iliponguruma kutafuta laini ya barua pepe, ambayo ndiyo ile ile ya simu, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuinua simu. Alama za juu ya herufi aliziacha, maana zilifika upande wa pili zimegeuka takataka. Akamaliza: "Je vous prie d'agreer, Madame le Directeur General, l'expression de ma haute consideration," yaani upokee heshima yangu kubwa. Akaituma, akapumua.

Jibu lilikuja kwa simu.

"Nani anaandika vizuri hivi kutoka Thika?" sauti iliuliza kwa Kiswahili. "Ni wewe Sumeya? Mimi ni Mwamini. Ni mimi huyo Madame unayemwandikia."

Sumeya akasimama, kana kwamba mama huyo ameingia mlangoni. "Shikamoo, Mama."

Mwamini akacheka. "Mama nini? Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, nimekulia Kiswahili. Sikia, mdogo wangu. Cheti chenu cha ubora hakina muhuri wa ubalozi. Kila kampuni yenye upungufu naipigia, ili isiseme haikuambiwa. Leta kingine kabla tarehe haijafika."

"Asante sana. Nilikuwa nimechanganyikiwa kidogo, mama yangu amelazwa."

"Amelazwa? Anaumwa nini?"

Na yule mkubwa, ambaye simu ya nje iliitoza serikali yake pesa, akasikiliza habari ya kifua cha mama wa Sumeya mpaka mwisho. Akauliza jina lake. "Farhiya," akalirudia polepole. "Ijumaa nitamwombea msikitini. Pole, mdogo wangu."

Na kweli mama akapata nafuu, akarudi nyumbani kwao Ruiru. Siku mbili baadaye Mwamini akapiga tena, si kwa habari ya cheti, bali kuuliza tu kama Bi Farhiya anakula.

Jioni hiyo Sumeya alimweleza mama yake yote, huku akimkanda mgongo kwa mafuta ya mkaratusi.

"Na wewe umemjibu nini?" mama akauliza.

"Kesho naandika barua ya cheti kipya. Nitamshukuru humo."

"Utamwitaje?"

"Kwa cheo chake, Mama. Ndivyo inavyoandikwa."

Bi Farhiya akageuza shingo. "Mtu ameniombea mimi na hanijui sura, halafu wewe unamwita kwa cheo kama karani wa korti? Akisoma hiyo atasema wa Kenya hawakulelewa. Mwite dada. Hata kama ni kwa Kifaransa, dada ni dada."

Sumeya alijua kanuni. Lakini kanuni ilikuwa ya mwalimu, na mgongo uliokuwa chini ya mkono wake ulikuwa wa mama yake. Kwetu mtu hakui kwa kuitwa mkuu. Anakua kwa kuitwa dada, shangazi, nyanya. Asubuhi alikaa mbele ya kompyuta, akaandika "Madame," akafuta. Akaandika: "Chere grande soeur Mwamini." Dada yangu mkubwa mpenzi. Akamshukuru kwa maombi na kwa simu zake mbili, akaambatisha habari za cheti, akaagana naye kwa kumkumbatia, kama Wafaransa wanavyoagana na watu wao. Akaituma kwenye anwani ile ile ya ofisi, maana haikuwepo nyingine. Alijisikia vizuri kutwa nzima.

Baada ya hapo kukawa kimya. Kimya kilipozidi, Sumeya akapiga simu.

"Allo?"

"Dada Mwamini, ni Sumeya wa Thika."

Kulikuwa na watu ndani ya chumba kile. Alisikia kiti kikivutwa na mwanamume akikohoa. Kisha Mwamini akasema kwa Kifaransa kilichonyooka kama rula: "Madame, unazungumza na Mkuu wa Bohari. Zabuni iko mbele ya kamati. Sina la kuongeza." Simu ikakatwa.

Sumeya akaurudisha mkono wa simu mahali pake. Alidhani mwanamke yule amebadilika, na akamkasirikia mpaka saa ya chakula cha mchana. Alirudi mezani akakuta simu inalia.

"Nipo posta," Mwamini alisema, kwa Kiswahili, akihema. "Nina dakika chache tu. Sumeya, kwa nini uliniandikia vile?"

"Nilikuwa nakushukuru."

"Unadhani barua pepe naifungua mimi? Anaifungua katibu. Anaichapa kwenye karatasi, anaigonga muhuri, anaitia nambari katika daftari la barua zinazoingia. Halafu ikihusu zabuni inakwenda moja kwa moja kwa kamati. Wameisoma watu saba kabla yangu. Dada mkubwa mpenzi! Simu zako mbili! Mmoja akaniuliza mbele ya wote, 'Madame, mna undugu gani na hawa wa Kenya?'"

"Si ungewaambia ulitupigia wote wenye upungufu..."

"Nimewaambia. Cheti, sawa. Na ile simu ya pili? Niliwaambia nilikuwa namuulizia mama mgonjwa. Wakacheka. Bei yenu ni ya chini kuliko zote. Mablanketi yenu nimeyashika kwa mikono yangu, ni mazuri. Lakini kesho nitatia sahihi ya kuwatoa. Nisipotia, ninatoka mimi, na atakayekaa hapa tunamjua, na wagonjwa watalala kwenye magunia."

"Dada, nisamehe."

"Usiniite hivyo," Mwamini akasema, bila ukali. "Heri mtu ajikwae dole kuliko ulimi. Mama Farhiya anakula?"

"Anakula."

"Alhamdulillahi." Na hapo simu ikaisha.

Barua ilifika kwa kompyuta siku iliyofuata. Mistari mitatu. Ombi la kiwanda limeondolewa kwa sababu ya "uhusiano binafsi usiopatana na utaratibu." Sumeya akamtafsiria Mzee Tarlochan, ambaye alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Uhusiano gani? Mimi sijui mtu huko. Sisi bei ya chini, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi andikia Waziri. Leo. Unajua kuandikia Waziri?"

Alijua. Monsieur le Ministre, bila jina, na mwishoni heshima kubwa zaidi ya ile ya mkurugenzi. Ingekuwa barua safi, na haki ilikuwa upande wao. Lakini ya kwanza kutolewa kwenye faili ingekuwa ile "dada mpenzi," ikawekwa mezani kwa Waziri, na Mwamini angesimamishwa mbele yake.

Basi Sumeya akamweleza Mzee. Hakujificha nyuma ya mama yake. Alisema tu kwamba mwanamke yule alikuwa amewatendea wema, naye akamlipa kwa salamu isiyo mahali pake. Mzee Tarlochan alimsikiliza, mikono ikiwa imelala juu ya sampuli ya blanketi la buluu.

"Yaani mablanketi yangu imekufa na salamu," alisema hatimaye. "Tukishtaki, huyo mama anafukuzwa?"

"Anafukuzwa."

"Na sisi tutapata kazi?"

"Sijui, Mzee. Labda."

Mzee alilikunja lile blanketi polepole. Nje mashine za mchana zilikuwa zikipiga. "Mimi na watu thelathini ya usiku," akasema. "Yeye mtu moja." Akainuka, akaenda dirishani. "Wacha. Mtu mzuri mimi sifukuzishi. Usiandike Waziri. Lakini wewe utaambia watu ya usiku. Mimi sitaambia."

Sumeya aliwaambia kesho yake asubuhi, langoni, walipokuwa wakitoka na pamba kwenye nywele. Alisema zabuni imekosekana na kosa lilikuwa katika barua aliyoandika yeye. Hakuna aliyepiga kelele. Waliuliza mwisho wa kazi ni lini, wakaenda. Ndinda alibaki.

"Barua? Si wewe ndiye unajua hiyo Kifaransa yote?"

"Nilimwita mkubwa dada."

Ndinda akamtazama kama mtu anayengoja sehemu iliyobaki ya hadithi. "Halafu?"

"Ni hayo tu."

"Sasa dada ni tusi?" Akacheka, cheko fupi bila kuonyesha meno. "Watoto wangu watalala njaa kwa sababu ya dada. Haiya." Alikuwa na nduma mkononi, kwenye gazeti. Hakumpa, wala hakuificha. Alitembea nayo kuelekea barabarani, na Sumeya hakumwona Ndinda kuwa amekosea.

Ilibaki kujibu. Mtu akiandikiwa na ofisi kama ile lazima akiri kuwa amepokea, na jibu hili nalo lingechapwa, lingegongwa muhuri, lingesomwa na watu saba. Sumeya alijua kitu kimoja tu ambacho bado angeweza kumpa Mwamini, nacho kilikuwa ubaridi. Akaandika: "Madame le Directeur General." Akaandika kwamba ana heshima ya kukiri kupokea barua yake, kwamba kiwanda kinaafiki uamuzi huo, na kwamba hakuna mtu yeyote katika kiwanda mwenye ujamaa naye wa aina yoyote, bali ni mwandishi tu wa barua iliyotangulia, asiyezijua taratibu, ndiye aliyejipa uhuru ambao hakupewa. Sentensi hiyo aliirudia mara nyingi, akiondoa kila neno lililokuwa na joto.

Akarudia cheo mwishoni, kizima, bila kukosea. Haute consideration. Halafu akapaza sauti wenzake wasiinue simu, akangoja laini ingurume.